Usile, Usitupe

Kwa siku nyingi za mwaka, kazi ya msemaji wa Hoteli ya Lauvneset ni kutangaza kwamba bafu la mvuke limefunguliwa tena na kwamba Jumamosi kutakuwa na dansi. Ragnfrid Tveiten alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ya kutosha kuichoka, na aliichoka kwa utulivu, kama mtu anavyomchoka mume asiye na kosa. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa gazeti la wilaya, kwa hiyo aliijua simu kwa pande zake zote mbili, upande wa anayeuliza na upande wa anayekwepa. Ijumaa ile mwenye hoteli, Oddlaug, alimpigia kabla hajanywa hata funda la kahawa.

"Ragnfrid, njoo upesi. Watu wanaharisha."

"Watu gani?"

"Watu, mwenzangu! Wa jana. Wa fårikål."

Hapo Ragnfrid akakaa kitako kitandani. Alhamisi ya mwisho ya Septemba nchi nzima hupika fårikål, yaani kondoo kwa kabichi, na Lauvneset hualika wilaya yote, tikiti mlangoni, aje atakaye. Wazee huja na mabasi kutoka pande zote mbili za ghuba. Yeye mwenyewe alikuwepo jana, alikula sahani mbili, na sasa alijishika tumbo kulisikiliza. Tumbo lilikuwa kimya. Akavaa koti la mvua akaondoka.

Tuseme kweli, asubuhi ile walifanya mambo yao sawasawa. Oddlaug alikuwa ameshawaarifu wakaguzi wa chakula, na ameshampigia Signy, daktari wa manispaa. Jiko lilifungwa, masufuria yakaachwa yalivyo, pasioshwe hata kijiko, maana wakaguzi wangetaka kuchukua sampuli. Mkaguzi alikuwa njiani, lakini njia yenyewe ilikuwa na vivuko viwili, na upepo ulikuwa umesimamisha kimoja. Wakili wa hoteli, Eilert Brandsund, alifika kutoka mjini akiwa na tai shingoni na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu enzi za ujana wake. Yeye, Oddlaug na Ragnfrid wakajifungia katika ofisi iliyo nyuma ya mapokezi, wakanywa kahawa ya mashine kwa kuwa jiko lilikuwa marufuku, wakaanza kuandika taarifa kwa vyombo vya habari.

Walipigania neno moja nusu saa nzima. Kwa lugha yao neno lilelile humaanisha "tunasikitika" na pia "tunaomba radhi", na Eilert hakulipenda hata chembe.

"Kusikitika, ruksa," alisema. "Radhi huombwa na mwenye kosa. Na mkataba wa bima unasema wazi, tukikiri kosa bila idhini yao, wanaweza kutuachia mzigo wote. Nimeona hoteli nzuri ikifa kwa neno dogo kuliko hilo, dada."

"Watu wanakesha chooni, wewe unachagua maneno," Oddlaug alisema.

"Ndicho mnachonilipia."

Ragnfrid hakumchukia. Alishaona mawakili wanaofuta kila kitu mpaka taarifa inabaki tarehe na anwani, na huyu hakuwa mmoja wao. Alitafuta njia, akaipata: "Inatuhuzunisha kwamba wageni wetu wameumwa." Huzuni haina mshitakiwa. Eilert akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Wakaandika kwamba wageni kadhaa wameugua baada ya mlo wa jana usiku, kwamba chanzo hakijajulikana, kwamba jiko limefungwa kwa hiari na hoteli inashirikiana na manispaa na wakaguzi. Aliyeugua ampigie daktari. Idadi ya wagonjwa na ugonjwa wenyewe ni vya daktari kusema, si vya hoteli. Hawakumlaumu mchinjaji, hawakumtaja mpishi. Taarifa nyingine itatoka jioni. Ikatumwa saa tatu na nusu, na redio ya wilaya ikaisoma vizuri, bila kuitia chumvi.

Ilikuwa taarifa safi. Ragnfrid aliisikiliza redioni akaona fahari kidogo, ile fahari ya uchovu anayoipata mtu akimaliza kupiga pasi.

Saa tano mpishi akabisha hodi. Torgils lilikuwa jitu la mabega mapana, na asubuhi ile lilikuwa limenywea. Alikuwa ameshaulizwa kuhusu upishi, akasema ukweli: masufuria makubwa yalipikwa Jumatano, yakaachwa mezani usiku yapoe, yakapashwa Alhamisi. Ndivyo baba yake alivyofanya. Kila mtu katika nchi ile atakwambia kwamba fårikål ni tamu zaidi siku ya pili. Eilert alikuwa amesikiliza hayo akasema hayo ni ya mkaguzi, hayahusu gazeti, na Ragnfrid alikubaliana naye kwa dhati, kwa sababu hakuna aliyejua bado kama kosa lilikuwa hapo.

"Bosi," Torgils alimwambia Oddlaug, "kuna kitu nimekumbuka. Yale makopo."

"Makopo gani?"

"Ya plastiki. Mliniambia nisitupe chakula. Kilichobaki nilikitia kwenye makopo, nikayapanga pale mlangoni. Watu wakajichukulia."

"Mangapi?"

"Zaidi ya arobaini. Yote yakaisha."

Makopo yale hayakuwa mageni ofisini humo. Oddlaug ndiye aliyeyanunua. Ragnfrid alibeba moja. Kilichowashtua ni kwamba asubuhi nzima walikuwa wakihesabu walioketi mezani, na hakuna aliyewaza kwamba chakula chenyewe kilikuwa kimeshatawanyika wilaya nzima, kimo kwenye mafriji ya watu, kinangoja siku yake ya pili.

"Tikiti ziliuzwa mlangoni," Oddlaug alisema polepole. "Hatuna majina."

"Nipeni dakika moja," Eilert alisema, akatoka na simu yake.

Oddlaug akageukia dirishani na ya kwake. Ragnfrid akaingia chumba cha mashuka, akafunga mlango, akampigia mama yake.

"Mama, lile kopo nililokuletea jana, umeligusa?"

"Bado. Nalitunza. Si unajua siku ya pili ndiyo yenyewe?"

"Usilile. Sikia, mama. Usilionje hata kwa ncha ya kijiko."

"Kwani limefanya nini?"

"Pengine hakuna. Usilile tu."

"Haya. Ila unasema kama mtu anayekimbia."

Alirudi ofisini moyo umetulia, na hilo ndilo alilokuja kulikumbuka kwa aibu baadaye, kwamba moyo ulitulia. Wenzake nao walikuwa wamekaa, nao wametulia.

"Watu hula saa kumi," Oddlaug alisema. "Wakitoka kazini. Tuna muda wa kulifanya hili vizuri."

Hakuna aliyembishia. Saa kumi, ndiyo, watu hula saa kumi. Ragnfrid naye aliitikia.

Basi wakalifanya vizuri. Ragnfrid aliandika sentensi: aliyechukua chakula nyumbani asikile. Eilert akaisoma mara tatu.

"Unajua sentensi hii inasema nini?" aliuliza.

"Inasema wasile."

"Inasema chakula chetu ni kibovu. Asubuhi tumesema chanzo hakijulikani, sasa tunanyooshea kidole sufuria letu wenyewe. Wakili wa upande wa pili ataitundika ukutani."

"Weka 'kwa tahadhari'."

"Nitaweka. Lakini sikia wazo langu. Tumwambie mkaguzi, tumwambie daktari. Ni wajibu wetu kuwaambia, hilo silipingi. Wao watangaze. Maneno yaleyale, ila yatoke kinywani mwao."

Halikuwa wazo baya. Mwenye mamlaka ndiye anayeaminiwa, na ofisi nyingi hufanya hivyo. Oddlaug akampigia mkaguzi, simu ikalia bila kupokewa, pengine gari lilikuwa kwenye kivuko. Akaacha ujumbe. Ragnfrid akampigia Signy. Daktari alikuwa nyumba ya wazee akikusanya sampuli za vinyesi, msaidizi wake akasema atapiga akimaliza. Kuandika ujumbe wa maneno mawili, "makopo nyumbani", kuliwezekana, na Ragnfrid aliuandika, lakini daktari aliyevaa glavu hatazami simu. Eilert akapiga simu kampuni ya bima kuomba idhini. Huko wakamweka kwenye muziki wa kungojea.

Na hivyo ndivyo saa zinavyoliwa. Hakuna aliyelala, hakuna aliyezembea. Kila mmoja alikuwa akingoja mtu wa maana. Gazeti la wilaya lilipiga mara mbili kuuliza kama kuna jipya, na Ragnfrid, ambaye zamani alikaa upande ule wa simu, alijisikia akisema, "Tutarudi kwenu mchana," kwa sauti laini ya dawa ya kikohozi.

Ilikuwa inaelekea saa nane alipomtazama Eilert akifuta miwani yake, na swali likamtoka bila kulipanga.

"Ulimpigia nani?"

"Bima. Umenisikia."

"Kabla ya bima. Torgils alipotaja makopo, ulitoka. Ulimpigia nani?"

Eilert akaendelea kufuta kioo ambacho kilishakuwa safi. "Baba mkwe," alisema. "Anaishi ng'ambo ya ghuba. Alikuja na basi la wazee."

"Na wewe, Oddlaug?"

"Dada yangu. Ah, Ragnfrid, usinitazame hivyo. Ana sukari."

"Sikutazami vibaya. Mimi nilimpigia mama." Alisikia sauti yake imechoka kuliko alivyodhani. "Basi taarifa imeshatoka, si ndiyo? Tumeitoa wote watatu. Tumewapa wetu. Waliobaki ni wale wasio na mtu humu ofisini."

Oddlaug akaweka mikono usoni. Eilert akavaa miwani. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na haki ilipomkalia mbele hakuipiga chenga.

"Andika," alisema. "Kwa tahadhari, wasile, wakitupe. Hilo nitamweleza mtu wa bima akishatoka kwenye muziki wake."

Ragnfrid alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma wakati Signy alipopiga. Akaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Nimeona ujumbe wako sasa hivi," daktari alisema. "Makopo mangapi?"

"Zaidi ya arobaini. Hatujui yako wapi. Tunatoa tangazo sasa, wayatupe."

"Wasitupe! Jamani, msiwaambie watupe."

"Kwa nini?"

"Nina vinyesi vya watu ishirini na kitu na sina chakula cha kulinganisha nacho, zaidi ya makombo ya sufuria ambayo mkaguzi hata hajafika kuyachukua. Yale makopo ni chakula kilekile walichokula. Wakiyatupa, huenda tusijue kamwe. Wasile, wafunge kwenye mfuko, waweke kwenye friji chini kabisa, mbali na vyakula vingine, watupigie. Na wanawe mikono. Nami naweka kwenye ukurasa wa manispaa sasa hivi, lakini tusidanganyane, ukurasa wenyewe nausoma mimi na mume wangu. Ninyi ndio mnaosikilizwa leo. Mmejua lini hili?"

Ragnfrid akamtazama Eilert. "Leo asubuhi," alisema.

"Asubuhi," Signy alirudia, kisha akaaga, maana alikuwa na kazi.

Simu ilipokatika, Eilert alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Vizuri kabisa. Hoteli inawaomba wananchi wahifadhi ushahidi dhidi ya hoteli. Kwenye friji, chini kabisa, mbali na vyakula vingine."

"Unaona itakuwaje hoteli ikiwaambia wautupe?" Ragnfrid aliuliza. "Soma kwa macho ya wakili wa upande wa pili. 'Waliagiza ushahidi uharibiwe nyumba kwa nyumba.' Hiyo nayo ataitundika ukutani, wakili wangu, tena kwa fremu."

Eilert akavuta karatasi, akafuta "wakitupe" kwa mkono wake mwenyewe. Ragnfrid aliandika upya kwa maneno mafupi, yale anayoweza kuyashika mtu aliyesikia mara moja tu jikoni kwake: Umebeba kopo la fårikål kutoka Lauvneset? Usile, usitupe. Lifunge, liweke kwenye friji, piga namba hii. Chanzo cha ugonjwa bado hakijathibitishwa, ombi hili ni kwa tahadhari na limetolewa pamoja na daktari wa manispaa. Saa nane na nusu ikaondoka. Saa tisa redio ikaisoma, na "usile, usitupe" ikasomwa mara mbili, kwa kuwa msomaji aliipenda.

Basi simu zikaanza. Watu walipiga kutoka pande zote, wapole, wenye haya kidogo, kama walioiba. Mmoja aliuliza kama kopo likiwa limeshaoshwa bado linatakiwa. Mwingine alisema paka ameonja, je, kwa ajili ya paka nako daktari apigiwe simu? Kufika jioni walikuwa wameorodhesha makopo thelathini na moja, salama, yamefungwa. Mkaguzi alifika akiwa amelowa mpaka soksi, akasema hajawahi kuona mkusanyo kama huo. Oddlaug alilia kidogo kwa kuchoka. Ragnfrid alienda nyumbani akala mkate mkavu, maana hakutamani kitu kilichopikwa, na alilala akijua kwamba amefanya jambo jema. Tusimnyime hilo. Alikuwa amelifanya.

Jumamosi asubuhi simu ya waandishi wa habari ililia. Namba yake ilikuwa chini ya taarifa, na aliyepiga hakuwa mwandishi.

"Naitwa Borgny Skarstein," sauti ya mwanamke mzee ilisema. "Wa shamba la Skarstein ya juu. Ni wewe unayeandika matangazo ya hoteli?"

"Ni mimi, mama."

"Kaka yangu yuko hospitali. Anfinn. Walimchukua usiku na helikopta, ameishiwa maji mwilini na figo zake hazikuwa nzuri tangu zamani. Yeye hakuja kwenye sherehe yenu. Hapendi watu. Nilimbebea kopo."

Mbele ya Ragnfrid palikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe, majibu ya kuwapa watu wanaopiga. La kwanza lilisema: hatuwezi kuzungumzia hali ya mtu mmoja mmoja. Lilikuwa jibu sahihi. Alilitazama.

"Pole sana, mama Borgny," alisema. "Wewe mwenyewe je, u mzima?"

"Mimi sikuumwa hata kidogo. Ndiyo maana sikuwaza. Nilisikia tangazo lenu la asubuhi, lile la kwanza. Mlisema waliokula pale wameugua. Nikajiambia, mimi nimekula pale na sijaugua, basi sufuria nililopakuliwa mimi lilikuwa zima. Tangazo halikusema kopo."

"Halikusema. Wakati ule tulikuwa hatujakumbuka."

"Na lile la pili tulilisikia pamoja. Nilikuwa nimepita kwake kumpelekea magazeti. Redio yake iko dirishani, haizimwi. 'Usile, usitupe.' Anfinn akacheka, akasema, cha kutupa hakuna, labda wakinipasua tumbo. Alikuwa ameshakula."

"Saa tisa alikuwa ameshakula?"

"Saa sita. Anfinn hula saa sita. Kondoo hawajui saa kumi, msichana wangu. Baba alikula saa sita, na babu, na kila mtu huku juu."

Ragnfrid alifumba macho. Alizaliwa kwenye shamba la mbuzi, bonde la tatu kutoka Skarstein. Baba yake alikula saa sita kamili miaka yote ya maisha yake, buti mlangoni, redio ikisoma habari, na asiwepo mtu wa kuzungumza mpaka taarifa ya hali ya hewa iishe. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Na jana alikuwa ameketi ofisini na mwenye hoteli na wakili, akaambiwa watu hula saa kumi, akaitikia kwa kichwa.

"Nina swali moja tu," Borgny alisema. "Si la kuwashitaki, sina nguvu hizo. Mlijua lini kuhusu makopo?"

Kwa swali hilo pia palikuwa na jibu kwenye karatasi.

"Saa tano," Ragnfrid alisema.

Alisikia saa ya ukutani huko upande wa pili, au ilikuwa maji yakidondoka.

"Saa tano," Borgny alisema. "Basi redio ingetosha."

"Ingetosha, mama. Na mimi nilimpigia mama yangu saa hiyohiyo, akaacha kula. Nakwambia kwa sababu utakuja kulisikia, na afadhali ulisikie kwangu."

Alidhani mwanamke atakata simu. Hakukata. Alipumua tu, kisha akasema, "Nami ningempigia wangu." Haikuwa msamaha. Ilikuwa kweli tu, na Ragnfrid alitamani angetukanwa.

Akamwambia Borgny kwamba atampigia tena baada ya muda mfupi. Akafungua kompyuta akaandika taarifa ya tatu. Kisha akampigia Eilert, ambaye alikuwa bustanini kwake akikusanya majani yaliyolowa, akamsomea.

"'Hoteli ilijua kuhusu makopo saa tano asubuhi. Tangazo lilitoka saa nane na nusu. Tulipaswa kusema mapema.' Hiyo ndiyo yenyewe, Eilert."

Reki ikawekwa chini. "Nini kimetokea?"

Akamweleza.

"Sentensi mbili za kwanza ni ukweli," Eilert alisema. "Daktari ana ujumbe wako, mkaguzi ana wa Oddlaug, wataziona saa hizo hata tusiposema. Afadhali zitoke kwetu, na bima nitawaeleza hivyo, watanipigia kelele. Ya tatu ni kukiri. Ya tatu siwezi."

"Lakini ndiyo ya kweli zaidi."

"Najua, Ragnfrid. Siwezi."

Wiki nyingine angepigana. Alitazama sentensi ya tatu, akaona kwamba mtu yeyote anayejua hesabu za kutoa anaweza kuiandika mwenyewe kichwani. Akaifuta. Kwa Anfinn hakukuwa na mabishano. Mgonjwa hatajwi, na katika wilaya ile ukisema "mzee mmoja wa bondeni" umeshamtaja.

Kabla ya kuituma akampigia Borgny, akamsomea yote polepole.

"Soma tena pale penye saa," Borgny alisema.

Akasoma tena.

"Anfinn hayumo."

"Hapana, mama. Siruhusiwi kumtaja, na watu watamjua."

"Simtaki Anfinn humo, angeona haya. Ila mtu wa mjini akisoma hapo atasema, saa nane na nusu, basi waliwahi kabla ya mlo. Atakuona umewahi."

Hilo ndilo Ragnfrid alilojiambia mwenyewe Ijumaa usiku akila mkate wake.

"Andika kwamba huku watu hula saa sita," Borgny alisema. "Hilo tu. Halimtaji mtu."

Aliandika. Likakaa chini ya mengine, sentensi fupi, bila "tunasikitika" wala "kwa tahadhari": Wengi katika wilaya hii hula saa sita mchana. Akampigia Eilert mara ya pili, akamsomea hilo peke yake, akangoja. Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Wakili alilitafuta kosa ndani ya sentensi ile, akalitafuta kwa uaminifu, kama alivyolipwa kufanya.

"Iache," alisema.